Ngazi ya Nyuma

Wafanyabiashara wa Kariakoo wana ugonjwa mmoja usiotibiwa hospitali: wakiona nafasi tupu, wanaijaza. Ukiacha kiti chako uende kunywa maji, ukirudi utakikuta kimebeba katoni. Ndivyo ngazi ya nyuma ya jengo lao ilivyozibwa. Hakuna aliyeamua kuiziba. Robota moja la vitenge lilipumzishwa pale mpaka kesho, likaja la pili likaegemea la kwanza, na hiyo kesho yenyewe mpaka leo haijafika.

Severa, muuza chupa za chai na vyombo vya plastiki wa ghorofa ya kwanza, hakuwahi kuifikiria ngazi ile mpaka siku waya wa pasi ulipoungua ghorofa ya tatu. Moto wenyewe ulikuwa mdogo. Elieshi, msimamizi wa jengo, alikata umeme, akaumwagia mchanga, ukafa. Lakini moshi ulikuwa umeshajaa ngazi ya mbele, watu wakakimbilia chini wakisukumana, na kule juu kabisa akabaki Euphrasia, mdogo wake Severa, fundi wa mapazia anayetembelea gongo tangu utotoni. Aliendea ngazi ya nyuma, akakuta ukuta wa marobota. Akarudi kukaa dirishani, akawa anawatazama watu waliokuwa wakimtazama.

Jioni ile alianza kupanga nguo kwenye begi.

"Dada, mimi narudi Rombo," alisema. "Mapazia hata kule watu wanatundika."

"Kwa sababu ya moshi wa pasi?"

"Kwa sababu mlikuwa wote chini mkaniita kwa mikono, kama vile mimi ni ndege."

Ni Severa aliyemleta mjini, ni yeye aliyemtafutia kile chumba cha juu, na tangu mama yao afariki hakuwa na mwingine wa kula naye ugali. Alilia jikoni, akajifanya ni vitunguu.

Dawa ilikuwa inajulikana, tatizo lilikuwa kuitamka. Marobota mengi yalikuwa ya Mzee Mansukhlal, mwenye duka la vitambaa chini, na Mzee Mansukhlal alikuwa mzee wa jengo zima. Nusu ya wapangaji walipokuja wageni, wao na vifurushi vyao, ndiye aliyewapa kona ya kuanzia. Severa mwenyewe alikuwa ameuza chupa zake za kwanza kwenye kizingiti cha duka lake. Sasa unaanzaje kumwambia mtu wa namna hiyo, "Shikamoo mzee, marobota yako yataniulia mdogo wangu"?

Akakumbuka kwamba ujanani alikuwa kwenye kikundi cha vijana wa parokia, wakizunguka vijijini na igizo la kipindupindu. Igizo linaweza kumwambia mtu jambo bila kumwonyesha kidole. Akamtafuta Zalak, mjukuu wa Mzee Mansukhlal, msichana anayecheza dandiya, ile ngoma ya vijiti, Upanga kila sikukuu ya Navratri na ambaye miguu yake haijui kutulia hata anapokata kitambaa.

"Hela tunayo?" Zalak aliuliza.

"Hatuna."

"Poa. Basi hatugombani."

Wakafanya kwa walichonacho. Khanga mbili kuukuu za kijivu zikawa moshi. Ndoo ikawa ngoma. Mavazi hawakushona, kila mhusika alipewa kitu kimoja tu: kofia kwa mwenye duka, tepu ya kupimia kwa fundi, mtu akikivaa watazamaji wanajua ni nani. Kuli mmoja aitwaye Ramadhan, mwenye sauti ya kupasua bati, akapewa nafasi ya mwenye duka. Walipata kibali ofisi ya serikali ya mtaa, na zimamoto wakakubali kumtuma askari wao Candida aje kujibu maswali bila malipo, maana igizo la afya au usalama lisilo na mtu wa kuulizwa linawaacha watu na hofu mikononi.

Wakachagua mahali pazuri kuliko pote: chini ya ngazi ya mbele, saa sita mchana, jengo likiwa limefurika.

Ehe! Mnaona wenyewe.

Zalak aligonganisha vijiti vyake, ndoo ikajibu, na Kariakoo nayo haipitwi na kelele. Watu wakajaa ukumbini, wakajaa kwenye vidato, wakajaa mlangoni. Severa alisimama katikati akaanza hotuba yake juu ya umuhimu wa njia za dharura. Nyuma kuli mwenye mzigo kichwani akapiga kelele, "Pisha! Pisha jamani, shingo!" Hakuna aliyepisha, wote wanasikiliza habari za kupisha. Mteja mjamzito akazidiwa na joto, akatolewa kwa kubebwa. Elieshi akaja amevimba kwa hasira.

"Severa, hivi una akili? Unafundisha watu kutoka, umefunga mlango!"

Watu wakaangua kicheko, igizo likafia hapo. Kilichomuuma zaidi alikisikia baadaye. Euphrasia alikuwa ametaka kushuka kulitazama, akafika ghorofa ya pili, akakwama nyuma ya migongo.

"Nilikusikia sauti tu," alimwambia. Begi lilikuwa limeshafungwa zipu. "Basi la Jumamosi."

Severa angeacha palepale. Candida ndiye aliyemzuia, huku akijifuta machozi ya kicheko. "Mama, kwa nini unasikitika? Umeonyesha hatari vizuri kuliko ulivyopanga. Kosa lako ni moja, umesema wewe peke yako. Hawa watu hawahitaji kuambiwa, wanahitaji kujaribu."

Wakaanza upya. Euphrasia, shingo upande, akakubali kuwasaidia mpaka Ijumaa. Alipima ngazi ya nyuma kwa tepu yake ya ufundi: upana wake, kona zake, na ile nafasi iliyobaki kati ya robota na ukuta, ambayo hata mtoto angepita kwa ubavu. Hotuba ikafutwa yote. Wakatafuta mahali ambapo watu huwa wanasubiri na hawana pa kwenda, wakapapata mlangoni kwao wenyewe. Kila asubuhi wapangaji husimama barabarani wakinywa kahawa, wakimlaani Elieshi mpaka afungue geti. Pale pana uwazi, na ukisimama mbele ya ukuta sauti inarudi kwa watu, huhitaji spika.

Ijumaa asubuhi Zalak alichora ngazi ya nyuma kwa chaki juu ya lami, kwa vipimo vyake halisi, ikiwa imelazwa chini kama mtu. Mwisho wa juu wa mchoro, kwenye kigoda, akakaa Euphrasia na gongo lake. Vijiti vikalia. Safari hii Elieshi mwenyewe aliwapanga watu nusu duara, akaacha njia.

"Hili ni jengo," Severa alisema. "Si letu, ni la mbali huko." Watu wakacheka. "Juu kuna fundi. Na huyu ni Bwana Nafasi."

Ramadhan akaingia na kofia yake, akaona uwazi, akaweka gunia lililojazwa vipande vya vitambaa. "Mpaka kesho tu!" Akaweka lingine. "Kesho hiyohiyo!" Watazamaji walikuwa wanagongana mabega, kila mmoja akimtambua jirani yake ndani ya Bwana Nafasi. Kisha Zalak akaja akizunguka na khanga za kijivu, vijiti vikilia haraka, na moshi ukapanda. Euphrasia akainuka, akashuka vidato vya chaki, akafika kwenye magunia. Akasimama. Hakuigiza chochote, alisimama tu kama siku ile.

"Atatokaje?" Severa aliuliza. "Mwenye njia apige kelele 'Simama!' aingie aonyeshe. Ila kwenye moshi huoni, kwa hiyo utafungwa macho."

Muuza viatu mmoja akaingia, akafungwa khanga usoni, Candida akitembea kando yake asije akaumia. Akakimbia, akajikwaa, akaanguka juu ya gunia. Kicheko. Wa pili akataka kurudi dukani kuchukua simu yake. "Umeshakufa, kaka," Candida alimwambia kwa upole, akamtoa. Akawaonyesha: unainama chini ambako hewa ipo, mkono mmoja ukutani, kitambaa kibichi puani, hurudi kuchukua kitu, na ukishatoka unapiga 114. Mama mmoja akafuata vyote hivyo sawasawa, akatambaa vizuri kabisa, akafika kwenye magunia, akakwama pamoja na fundi.

Kicheko kikapungua.

"Simama," ikasema sauti ya taratibu.

Alikuwa Mzee Mansukhlal. Akavua miwani, akamkabidhi Zalak, akafungwa macho. Alishuka ngazi ya chaki akipapasa hewa, magoti yakilia, mpaka mkono wake ukakutana na gunia. Akalishika, akalibonyeza pembeni alivyozoea kubonyeza robota. Akalivuta nje ya mistari. La pili nalo akalivuta.

"Sasa njia ipo?" mzee akauliza.

"Bado, Babu," Zalak alisema. "Kule kwenye ngazi yenyewe zimebaki katoni za chupa za chai."

Kariakoo nzima ikamgeukia Severa.

Nyani haoni kundule. Katoni zilikuwa zake. Aliziweka pale mwezi wa Ramadhani, mpaka kesho, na alipopanga igizo zima, akipima, akichora, akimlilia mdogo wake, hazikumjia kichwani hata mara moja. Euphrasia mwenye tepu alizipima, akanyamaza. Aibu ilimwagikia Severa mpaka masikioni, na ndani ya aibu hiyo akaona kitu: kama yeye aliyelia jikoni alisahau, mzee naye alikuwa amesahau tu.

"Ni zangu," alisema. "Samahani, Euphrasia. Mzee, nitakusaidia ya kwako, nisaidie yangu."

Mzee Mansukhlal akafungua khanga machoni, akapepesa, akamtazama Euphrasia kwa muda. "Siku ile nilikuwa barabarani," alimwambia. "Na mimi nilikupungia mkono, mwanangu." Akamgeukia Elieshi. "Fungua geti. Ramadhan, waite wenzako."

Hawakusubiri kesho. Makuli walipanda, na wenye maduka nao nyuma yao, kila mtu akikumba mali yake na kumsimanga jirani. Katoni za Severa zilitoka kwanza. Marobota yakafuata moja moja mpaka stoo, na ukutani ukatokea mkanda wa vumbi na dirisha ambalo hakuna aliyekumbuka kwamba lipo. Elieshi akachora mstari mwekundu sakafuni, akaapa kwamba atakayeuvuka na mzigo ataukuta mzigo wake soko la Mchikichini unauzwa.

Wakati wanajifuta jasho uani, mlango wa ngazi ya nyuma ukasukumwa, ukalia kwa kutu. Likatoka gongo, kisha Euphrasia mzima, na utando wa buibui kwenye nywele. Alikuwa amepanda kwa mbele na kushuka kwa nyuma, peke yake, hakuna aliyemshika.

"Kidato cha tatu kimelegea," alisema. "Kipigwe saruji."

"Na begi?" Severa aliuliza.

"Nimetoa mkasi. Nguo nitatoa jioni." Akamwangalia dada yake, akacheka. "Muuza chupa za chai wewe, chai yenyewe iko wapi?"