Alizeti@2024

Enock alisoma skripti ya video akicheka peke yake, miguu juu ya kiti cha wageni, na Editha akatamani kumnyang'anya karatasi zile azichane mbele yake.

"Hapa pamepoa," Enock alisema, akigonga onyesho la pili kwa kalamu. "Mweke mama anayeropoka namba za siri kwenye simu, dukani, mbele za watu. Kwa sauti! Watu wacheke. Wakicheka hawasahau."

"Huyo mama ni Dorkas, kaka Enock. Hayo yalimkuta kweli."

"Basi ataigiza vizuri zaidi." Enock akayaandika mabadiliko hayo pembeni mwa karatasi.

Enock ndiye aliyekuwa akisimamia mradi wa kuwafundisha wenye maduka madogo wa Singida namna ya kulinda akaunti zao. Editha aliandika kila kilichohitaji kuandikwa: ripoti, mabango, na sasa video ya dakika nne. Dorkas alikuwa na duka kule Unyambwa, sabuni na unga na mafuta ya alizeti, na mafuta hayo alikuwa akiyatangaza kwenye ukurasa wake mtandaoni. Miezi mitatu iliyopita mtu aliuteka ukurasa ule, akatangaza madumu ya mafuta kwa nusu bei, na waliotuma pesa hawakuona hata tone. Wawili kati yao ni waimbaji wenzake wa kwaya ya kanisani. Ukurasa aliurudisha baadaye, lakini kwaya ikamwambia Dorkas apumzike kwanza. Alikubali kuonekana kwenye video kwa sharti moja tu: isemwe wazi kwamba hakumwibia mtu.

Na malipo yake ndiyo haya, kufanywa kichekesho. Editha alizikunja zile karatasi, akatoka bila kuaga, na njia nzima hadi Unyambwa alikuwa akimjibu Enock kwa midomo mikavu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leta niione."

Dorkas alivaa miwani, akasoma akiwa amesimama nyuma ya kaunta. Alipofika onyesho la pili alivua miwani.

"Mimi nilimtajia nani namba? Mtaje!"

"Mama, si mimi niliyeandika hapo, ni—"

"Nimekuuliza nani. Hakuna aliyenipigia. Hakuna namba iliyoingia kwenye simu yangu. Nililala na ukurasa wangu, nikaamka haunitambui. Kanisani wananiita mwizi, na ninyi mnataka kuongeza kwamba ni mjinga?"

Editha alifungua mdomo kumtetea Enock, jambo ambalo hakujua lilitokea wapi, kisha akaufunga. Alikuwa amesikia neno. Hakuna namba iliyoingia. Basi ule uthibitishaji wa hatua mbili haukuwashwa kabisa. Ungekuwa umewashwa, mwizi angedaiwa namba baada ya neno la siri, na namba ile ingeingia kwenye simu ya Dorkas. Huyu aliingia kwa neno la siri peke yake. Alilijua.

"Mama, paswadi yako kuna mtu ulimwambia? Hata Happiness?"

"Mwanangu mwenyewe haijui." Dorkas aliinama chini ya kaunta, akaibuka na daftari la semina, lile lenye nembo ya mradi. "Niliandika vilevile mlivyotufundisha. Herufi kubwa, alama, namba. Kwenye barua pepe na kwenye ukurasa. Soma."

Editha alisoma. Alizeti@2024.

Alilitambua. Alitoa simu, akafungua ukurasa wa mradi, akarudi nyuma hadi siku ya semina. Picha ilikuwepo. Watu thelathini wamesimama wanatabasamu, Enock katikati na suti yake, na nyuma yao ubao wa karatasi kubwa umeandikwa MFANO WA NENO LA SIRI IMARA, na chini yake lile lile, kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wa Editha. Mezani mbele yao, fomu ya mahudhurio. Alivuta picha kwa vidole. Majina yalisomeka. Anwani za barua pepe zilisomeka.

Alikumbuka yote. Enock alisema, andika moja ubaoni twende pamoja, tusipoteze muda. Naye akaandika, na watu wakainama wakanakili, kwani nani huenda semina akaacha kunakili cha ubaoni? Hatua mbili zikaachwa hadi siku nyingine kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa. Akili yake ilikuwa wapi? Wiki nzima amemkasirikia mwizi, asubuhi nzima amemkasirikia Enock, na mlango aliufungua yeye.

"Mama, ni mimi," alisema, akampa simu aone.

Dorkas aliivuta picha, akausoma mwandiko ule.

"Ulipofanikiwa kuurudisha ukurasa," Editha aliuliza polepole, "uliweka paswadi gani?"

"Si hiyo hiyo? Ndiyo mliyosema ni imara."

Editha alimpigia Enock palepale.

"Futa ile picha," Enock alisema haraka, "halafu usimwambie mtu. Wafadhili wakisikia tumekwisha. Onyesho libaki vile vile, mama ataje namba."

"Hakutaja namba! Paswadi tuliitundika ukutani sisi, tukaipiga picha, tukaitangaza! Kuna watu thelathini bado wanayo, na nitawapigia wote leo, mmoja mmoja."

"Editha, fikiria kazi yako."

"Nimeifikiria. Ni mbovu." Akakata simu. Picha aliifuta, kwa kuwa ilipaswa kufutwa, ila kwanza akaihifadhi kwake.

Wakaanza na barua pepe, maana anayeishika hiyo huomba kubadilisha neno la siri la ukurasa na kiungo humfikia yeye. Wakaviondoa vifaa vyote wasivyovijua vilivyokuwa vimeingia humo.

"Sasa chagua maneno manne au matano yasiyohusiana," Editha alisema. "Si jina la mtoto, si la duka, wala usichukue mfano wangu. Ukurasani utaweka mengine." Akageuka, akatazama mifuko ya unga mpaka Dorkas alipomaliza. Kisha wakawasha hatua mbili. Simu ya Dorkas ikalia.

"Imekuja. Nne, moja—"

"Usinisomee! Hata mimi usinisomee, mama. Hasa mimi."

Dorkas alimkata jicho, akaiandika namba mwenyewe. Zile namba za akiba, za siku simu itakapopotea, alizinakili kwenye karatasi akaifungia kwenye sanduku lenye kufuli. Wakarudia yote kwenye ukurasa.

Ndipo Dorkas akachukua zile karatasi za Enock, akazigeuza upande mweupe, akazisukuma mbele ya Editha pamoja na kalamu.

"Andika upya. Na anayeonekana kwenye video ni wewe. Nikimaliza kukurekodi naituma kwenye kundi la kwaya mwenyewe."

Editha aliandika mistari michache. Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mbele ya madumu ya mafuta. Hasira alikuwa nayo bado, na sasa hakuwa na mtu wa kumtupia. Dorkas aliinua simu.

"Naitwa Editha. Dorkas hakumwibia mtu, wala hakutaja namba yoyote. Neno lake la siri tulilitangaza sisi. Mimi ndiye niliyeliandika."

Dorkas alishusha simu.

"Sauti ndogo," alisema. "Pale ubaoni uliandika kwa herufi kubwa. Anza upya."

Editha alipaza sauti, akaanza upya.