Mkaushe Kwanza

Siku thelathini na tisa Mwanvita alikuwa na sauti sikioni, na sauti yenyewe ilijua maneno mawili tu: mkaushe kwanza.

Maneno yalikuwa ya Rehani, mke mwenzie, bi mkubwa wa Ahmadi. Rehani ndiye aliyekuwa akipika chapati za kuuza pale gulioni Mkuyuni, tangu ile miaka ya ruksa ilipoanza na ngano ikarudi madukani bila foleni. Alikuwa anapikia jikoni kwake, mlango kafunga. Chapati zake watu wa magari ya Matombo walikuwa wanazinusa kabla hawajashuka. Mwanvita, bi mdogo, alikula chapati hizo miaka sita bila kuona hata moja ikigeuzwa. Ukiwa mke mwenza unaonyeshwa mengi, lakini si jiko.

Rehani alipolala kitandani kwa homa, akataka chapati. Chapati laini tu, basi. Ahmadi akamwambia Mwanvita aingie kule jikoni. Akaingia kwa woga kama anaingia kaburini, akaacha mlango wazi ili amwone mgonjwa. Akawasha makaa kidogo, akamwaga mafuta kwenye chuma, akalaza chapati juu yake. Mara kutoka kitandani ikaja sauti nyembamba: "Mkaushe kwanza."

Mwanvita akaiacha ile ya kwenye chuma, akaenda kumfuta mgonjwa jasho.

"Mkaushe kwanza," Rehani akasema tena, na macho yamemtoka. Mwanvita akambadilishia shuka. Aliporudi jikoni chapati ilikuwa imekaa pale hadi imekuwa soli ya kiatu. Rehani akaitia mdomoni, akaitoa, akageukia ukutani. Kufika alfajiri alikuwa hayupo.

Tangu hapo Mwanvita hakulala vizuri. Wakati wa kuosha maiti aliomba kanga kavu ya pili, halafu ya tatu, hadi waoshaji wakamtazama. Masika yalipoanza kumwaga maji kutoka Uluguru, alichukua jembe akachimba mfereji kuzunguka kaburi, kwa kuwa labda ndiko mtu alikolowana. Sauti haikunyamaza. Na kila chapati aliyojaribu ilitoka ngumu. Alijaribu kupika za sokoni siku tatu, dereva mmoja akamwuliza kama anauza na kalamu za kuandikia juu yake.

Sasa ikafika arobaini. Furaha, wifi yao, akasimama mbele ya watu akasema kisomo cha marehemu kitaliwa chapati za chuma chake mwenyewe, na atakayepika ni Mwanvita. Kila mtu alielewa kwamba zikitoka ngumu, marehemu kamkataa mwenzie, na waliokuwa wakinong'ona kwamba bi mdogo hakumtunza mgonjwa watakuwa wamepata ushahidi unaotafunika. Mwanvita alielewa kuliko wote, maana yeye mwenyewe alishaamini.

Kwa hiyo adhuhuri ile alikuwa uani amekaa kwenye kibao, madonge themanini kwenye sinia chini ya kitambaa chenye unyevu. Huko kwenye unga hakuwa na kosa. Alikanda kwa maji ya vuguvugu hadi ukalainika, akausukuma, akaupaka mafuta, akaukunja kamba, akauzungusha kama konokono, akaupumzisha. Hofu yake ilikuwa moto. Safari hii, kwa kuogopa makaa machache, aliyajaza jiko mpaka juu. Chuma kikaanza kutoa moshi bila kuwekwa kitu.

Hapo ndipo Salum alipoingia.

Salum ni Mnyamwezi, fundi baiskeli, aliyehamia Mkuyuni wiki mbili baada ya mazishi. Mnyamwezi kwa Mluguru ni mtani, na mtani penye msiba haombi ruhusa. Anaweza kukaa juu ya jeneza akadai kodi. Tangu asubuhi alikuwa akimpitia Ahmadi kumwuliza marehemu alitembeaje, alikohoaje, alishika kiuno upande gani. Sasa alikuwa amejifunga kanga ya Rehani, mkono wa kushoto mgongoni, anatembea kwa kuburuta mguu. Wanawake wakacheka hadi mmoja akamwaga mchuzi.

"Toka kwenye kibao changu," akamwambia Mwanvita. "Nimekufa siku arobaini tu, ushakalia?"

Wakacheka zaidi. Mwanvita akasogea, naye akacheka kidogo, maana mtani hanuniwi.

Salum akachota unga kwa vidole viwili, akautupa kwenye chuma. Ukawa mweusi papo hapo. Akatikisa kichwa, akashika koleo, akatoa makaa matatu, akayazika kwenye majivu. Akafuta chuma kwa kitambaa. Akangoja. Akatupa unga mwingine. Huu ukachukua muda, ukageuka taratibu rangi ya kahawia. Akasukuma donge moja, akalilaza kwenye chuma kikavu, bila mafuta.

Vicheko vilikuwa vinapungua, maana hii haikuwa sehemu ya mzaha.

Mwanvita, kwa mazoea, akanyoosha kijiko cha mafuta. Salum akampiga mkononi.

"Mkaushe kwanza," akasema.

Sauti haikuwa ya Salum. Furaha, aliyekuwa anapanga sahani, akaziweka chini moja moja.

Mwanvita akakiweka kijiko chini. "Nimkaushe nani, bi mkubwa?"

"Mwanangu huyu. Mtoto katoka kuoga, ana maji mwilini, unampaka mafuta?"

Rehani hakuwahi kuzaa. Kumbe kule nyuma ya mlango alikuwa anaongea na chapati.

Uso wa chapati ukaacha kung'aa, ukafifia, vidutu vikaanza kuinuka. Salum akaigeuza, bado bila mafuta. Upande wa chini ukapata madoa ya kahawia, madogo. Hapo akapaka mafuta juu, kijiko kikizunguka toka katikati, akageuza, akapaka upande wa pili, akageuza tena, akibonyeza kingo kwa mgongo wa kijiko. Chapati ikajaa hewa kama inavuta pumzi. Hata dakika mbili hazikufika. Akaitoa, akaipigapiga viganjani ikiwa moto vile vile, matabaka yakaachana, akaifunika kwa kitambaa.

Kisha akakohoa, akainuka, akaivua kanga.

"Haya, kahawa ya mtani iko wapi?" akauliza, na sauti ilikuwa yake.

Mwanvita alikuwa amesharudi kwenye kibao. Alilaza ya pili, akaisubiri ififie. Ya tatu. Makaa yalipolegea, alifukua yale ya kwenye majivu akayarudisha. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye chuma na kuruka vipande vipande, na yeye anaendelea kugeuza. Kisomo kikaisha, watu wakala, Furaha akala tatu, akaja kuchukua ya nne, akamshika bega.

Jioni Mwanvita akamtafuta Salum kwenye baiskeli zake.

"Nani alikufundisha kupika?"

"Kupika nini?"

"Chapati, shemeji."

Salum akacheka. Alisema yeye alijifunga kanga, akaburuta mguu, akamwondoa mtu kwenye kibao, watu wakacheka, akaenda kunywa kahawa. Hajawahi kugusa chapati mbichi toka azaliwe. Halafu akajitazama vidole vya mkono wa kulia, viwili vilivyokuwa na malengelenge, na akaacha kucheka.

"Hivi nimeungulia wapi?" akasema.

Asubuhi ya gulio akawasha jiko, akatupa unga, akangoja rangi. Akasikiliza. Sikio lilikuwa kimya, na alishangaa kuona kimya chenyewe kinauma.

"Sasa si ungesema tu chapati, bi mkubwa," akasema, akageuza.