Safu ya Tatu ya Melkizedeki

Eunike alirudi kutoka chuo cha ualimu Ijumaa jioni, na kufikia Jumamosi asubuhi alikuwa ameshaongea mpaka mama yake, Tabitha, akamsihi anyamaze kidogo anywe hata maji. Anyamazeje? Chama cha ushirika cha kahawa kinatafuta karani wa mizani! Usaili Jumatatu! Na kaka yake Melkizedeki ameshaandika barua ya maombi peke yake, bila kumwonyesha mtu!

Tena baba yao alikuwa ameapa mbele ya wageni: Melki akiikosa kazi hii, Jumanne anapanda lori kwenda Tanga kukata mkonge. Melki akilisikia tu neno mkonge alianza kujikuna mgongo.

"Lete hiyo barua," Eunike alisema.

Akaisoma. Mimi ni kijana mwenye afya njema. Naimba besi kanisani. Naendesha baiskeli bila kushika usukani.

"Melki! Nani amekuuliza mambo ya baiskeli?"

"Si wajue nina kipaji?"

"Kazi ni ya kupima kahawa, kaka yangu, siyo sarakasi!"

Akatoa karatasi kubwa, akapiga mistari kwa rula kama walivyofundishwa chuoni kabla ya kuomba shule za kufundisha. Safu tatu. Ya kwanza, kile chama kinachotaka, neno kwa neno kama tangazo lilivyobandikwa kwenye mlango wa ghala. Ya pili, uthibitisho wa Melki. Ya tatu, kinachopungua. Kila sharti na mstari wake.

"Awe amemaliza darasa la nane," alisoma.

"Cheti kipo."

"Safi. Safu ya tatu, hakuna. Awe na mwandiko unaosomeka. Barua yenyewe ndiyo uthibitisho, ila uiandike upya, hapa umemwaga uji. Ajue kutumia mizani?"

Melki alikuna kichwa. "Weka hakuna."

"Hakuna vipi? Karani wa zamani alipolala na malaria, nani alipima kahawa wiki mbili nzima?"

"Mimi. Lakini ile siyo kazi, nilikuwa nasaidia tu."

Eunike alijitupa kitandani, akapiga mateke hewani, akainuka. "Kusaidia ndiyo kazi, we mtu! Mbona hukuandika?" Akaandika yeye. Safu ya pili: alipima wiki mbili. Safu ya tatu: ujuzi upo, karatasi ya kushuhudia haipo, maana karani yule alishahamia Moshi. "Umeona? Kuna kupungukiwa na kitu chenyewe, na kuna kupungukiwa na karatasi yake tu. Usivichanganye. Ajue kutofautisha kahawa kavu na mbichi?"

"Nang'ata punje. Ikilia ka, imekauka. Meno yakizama, irudi kwenye kichanja."

Ikaandikwa: anajua, karatasi haipo. Sharti la mwisho likamkalisha Eunike kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea nyumbani kwao tangu azaliwe. Asiwe mtu wa kupendelea ndugu.

"Andika mimi ni mwaminifu," alisema Melki.

"Hilo ni neno lako mwenyewe. Hata mwizi anajiita mwaminifu."

"Mchungaji ananijua."

"Anajua unavyoimba besi. Alikuona lini ukimnyima ndugu yako kitu?"

Safu ya pili ilibaki tupu, nyeupe pe, na ya tatu Eunike akaandika kwa huzuni: chote.

Kumbe Tabitha alikuwa mlangoni na ungo wake. Yeye kusoma hakujua sana, ila aliona wino mwingi upande wa kulia. "Hayo yote yanapungua? Katika nyumba yangu?"

"Ni karatasi tu, mama."

Karatasi? Kule mlimani kwao ndizi zikipungua na mgeni yuko njiani, mtu haandiki, anatuma kwa jirani. Kwa hiyo Jumapili, ibada ilipoisha, Tabitha alisimama nje ya kanisa akawaambia wote ambao Melki aliwapimia kahawa: kesho ghalani, mje mumsemee mwanangu.

Jumatatu walikuja kumi na tisa. Wengine na watoto mgongoni, mmoja na mbuzi, maana hakuwa na wa kumwachia.

Mwenyekiti wa chama, Mzee Saruni, alichungulia dirishani. "Hii ni nini? Msiba?"

"Shikamoo, mwenyekiti," alisema Tabitha. "Hii ni safu ya pili."

Bwana Reginald, katibu wa chama, alicheka mpaka miwani ikamtoka. Mbele yake naye alikuwa na karatasi yenye mistari, amepanga masharti yale yale pembeni ya barua za waombaji. "Basi waingie mmoja mmoja. Lakini kila mmoja aseme alichokiona kwa macho yake, siyo kumsifia kijana. Nitaandika, naye ataweka dole gumba."

Mzee Thomasi alisema Melki alimpimia magunia saba, na kila mara alingoja mizani itulie kabla ya kusoma. Dole. Mwingine akasema aling'ata punje za kila gunia mpaka taya likamuuma. Dole. Eunike, mlangoni, alikuwa anaruka kama panzi.

Halafu akamwona shangazi yake, Simaloi, anapanda njia, khanga imefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda vitani.

"Shangazi, shikamoo! Rudi nyumbani, wameshatosha!"

"Marahaba. Nipishe."

"Shangazi, nakuomba! Mkonge, shangazi!"

Alimsukuma kwa nyonga moja, akaingia. "Bwana Katibu, andika! Huyu Melkizedeki nilimbeba mimi mgongoni. Nikamletea gunia moja la kahawa, akang'ata punje mbele ya majirani, akasema mbichi! Mimi, dada wa baba yake! Nikamwambia basi pima, nani atajua? Akanirudishia. Nikabeba gunia langu mpaka nyumbani, watu wananiangalia!"

Melki aliangalia viatu vyake. Tabitha alifunika uso kwa kitambaa. Bwana Reginald aliandika taratibu, halafu akaisogeza ile karatasi pamoja na wino, huku akijikaza asitabasamu.

"Mama, weka dole hapa. Sharti la mwisho, kutopendelea ndugu. Bila dole lako mstari huu ni mtupu, kijana hapiti."

Simaloi aliacha dole hewani. "Ngoja. Yaani ninamsaidia?"

"Sana."

"Basi siweki!" Alikunja mikono. Kisha akamgeukia Melki kwa sauti ya asali. "Mwanangu, nimebakiwa na gunia moja. Limepata maji ya mvua kidogo, kidogo tu. Ukisema utanipimia, naweka dole sasa hivi."

Eunike alijiuma ngumi. Mwenyekiti na katibu walimtazama kijana. Jasho lilimtoka Melki mpaka kwenye kola ya shati aliloazima kwa baba.

"Shangazi," alisema kwa sauti nyembamba, besi yote imemkimbia, "lianike kwanza."

"Mmesikia!" Simaloi alipiga meza, wino ukaruka. "Mmemsikia kiburi chake, hata leo? Hili liandikwe, lisifutwe milele!" Akachovya dole la kulia, akaligandamiza kwenye karatasi. Akachovya na la kushoto, akaligandamiza pembeni yake, kwa hasira.

"Asante, mama," alisema Bwana Reginald. "Karani, kesho saa moja uwe hapa."

Nje Eunike alipiga kigelegele, mbuzi akakata kamba, na watu kumi na tisa wakaanza kumkimbiza kwenye migomba huku Simaloi akiuliza kila anayempita, "Kwani amepata? Nani amempa?"