Chupa Isiyofunguliwa

Munezero alipobeba maji kutoka Mbarara kuyapeleka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, dereva Ashiraf alicheka mpaka machozi yakamtoka. Nawe ungecheka. Watu wa kambini wanahangaika na jerikeni kutafuta maji, binti huyu anatoka mjini na kichupa kimoja ndani ya sanduku la barafu, na bado anasema hakifunguliwi: kitakwenda na kurudi vilevile kilivyo.

Munezero alikuwa mwanafunzi aliyepewa miezi mitatu ya kujifunza kazi katika ofisi ndogo ya ukaguzi wa mazingira mjini Mbarara. Mzaha haukumwingia. Alimweleza Ashiraf kwamba kichupa kile ni shahidi. Kimejazwa maji safi kabisa ya maabara, kinasafiri pamoja na chupa za sampuli, na mwisho kinapimwa kama zenyewe. Kikirudi safi, hakuna atakayesema uchafu uliingia njiani. Ashiraf akasema sawa, nyabo, sawa bibie, mimi ni wa usukani tu. Akakanyaga mafuta.

Walikuwa wanakwenda kukagua kisima kipya cha pampu ya mkono, ambacho kampuni iliyokichimba ilitaka kukikabidhi Jumamosi ile. Watu walikuwa wameshaanza kukitumia bila kungoja sherehe, maana kiu haijui tarehe. Na mmoja wao alikuwa mama yake Munezero, aliyekimbia Burundi na binti yake mgongoni, na ambaye nyumba yake haikuwa mbali na pampu ile. Kwa hiyo usidhani binti alikwenda pale kujaza karatasi tu. Kama maji yale yalikuwa mabaya, yalikuwa yanapita kooni mwa mama yake kila siku.

Alifanya kazi yake kwa utaratibu. Aliandika hali ya hewa, na kwamba usiku wake mvua ilinyesha. Alipampu maji yakamwagika dakika kadhaa, akauchoma mdomo wa bomba kwa pamba yenye spiriti, akapampu tena kidogo, ndipo akakinga chupa bila kugusa shingo yake wala kuisuuza, akaacha nafasi ndogo juu, akafunga. Akaandika namba, mahali na saa, akazilaza chupa kwenye barafu. Kisha akachukua orodha yake ya ukaguzi na kuanza kuzunguka. Je, kuna choo karibu, upande wa juu? Kipo. Je, sakafu ya saruji ina ufa? Unao, tena pale pale pampu iliposimama. Je, maji yanatuama? Yanatuama, na mbuzi wanayanywa. Kila alipoweka alama ya ndiyo, moyo wake ulizidi kuwa mzito.

Sampuli zilifika maabara kabla ya saa sita kupita tangu zilipokingwa, na kesho yake alasiri majibu yakatoka. Maji ya pampu yalikuwa na vijidudu vya kinyesi. Hilo alilitegemea. Asilolitegemea ni kwamba shahidi naye alikuwa navyo.

Munezero aliinamia ile karatasi, akahisi aibu imempanda mpaka masikioni. Msimamizi wake, Lillian, mama mpole aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi, aliisoma akashusha pumzi. Alisema wote wawili wanajua maji yale ni mabaya, ufa upo, choo kipo. Basi mstari wa shahidi wauache nje ya ripoti, kisima kifungwe, watoto wapone. Nani ataulizia kichupa?

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Uongo uliokuwa unaombwa ulikuwa mdogo, na ulikuwa upande wa mama yake.

"Mhandisi wa kampuni ataulizia," Munezero alisema. "Ataulizia jambo la kwanza kabisa. Tukionekana tumeficha moja, hata yale ya kweli yatatupwa, na Jumamosi watakata utepe. Naandika yote. Naandika kwamba majibu haya hayafai, na kesho narudi kuchukua mengine."

Lillian akampa chupa mpya.

Lakini uchafu ulipita wapi? Munezero alirudia kila hatua kichwani, akajilaumu mikono, akalilaumu sanduku, akailaumu barafu. Alipomfuata Ashiraf nyumbani kwake Kakoba kumwomba wasafiri tena, hakumtuhumu kwa lolote. Alimweleza tu kwamba shahidi amechafuka, na kwamba hajui kwa nini. Ashiraf akaacha kucheka. Akavua kofia yake, akaishika mapajani.

"Nyabo, ni mimi," alisema. "Ulikuwa unazunguka na karatasi zako. Mama mmoja alikuja, ana mimba kubwa, jua linamwangusha. Mimi nikamwambia kunywa pampu hii hapa. Akakataa. Nikakumbuka maji yako ya baridi, nikampa. Halafu nikaona utakosa cha kurudisha, nikajaza kwa pampu. Maji hawanyimi mtu."

Munezero alitaka kukasirika, na Mungu anajua alikuwa na haki. Kazi ya siku nzima iliharibiwa na mtu aliyetenda wema mara mbili: mara ya kwanza kwa mama yule, mara ya pili kwake yeye. Umkaripie vipi mtu wa namna hiyo? Tena kwenye kichupa chenyewe alikuwa ameandika namba tupu, pasipo neno moja la kumwonya mtu asinywe. Lakini kabla hasira haijapata njia, neno moja lilimkaa akilini. Mama yule alikuwa ameikataa pampu, na kiu imemshika.

Asubuhi walirudi. Safari hii Ashiraf alilikalia lile sanduku la barafu tangu gari liliposimama mpaka lilipoondoka, na hata mbuzi walimwogopa. Munezero alikinga sampuli upya, kisha akamtafuta yule mama. Alikuwa anaitwa Mama Gasore, Mkongo, jirani wa nyumba ya tatu kutoka kwa mama yake mwenyewe. Akamuuliza kwa nini siku ile alikataa maji.

"Ile mayi inaumizaka batoto," Mama Gasore alijibu. "Gasore wangu alihara juma nzima. Minasemaka, hakuna mwenye anasikia. Siku ile dereva wenu alinipa mayi ya muzuri, nikamwombea."

Munezero akayaandika maneno yale chini ya orodha yake, palipoachwa nafasi ya maoni ya wakazi. Mara ya kwanza alikuwa ameipita nafasi hiyo, kwa kuwa alidhani yeye mwenyewe ni mkazi na anajua. Hilo lilimuuma kuliko kichupa.

Alhamisi majibu yakatoka: pampu chafu, shahidi safi. Mhandisi wa kampuni alipopiga simu, jambo la kwanza aliloulizia lilikuwa kichupa. Lillian akamsomea majibu yote, yale ya kwanza na ya pili, na sababu ya tofauti yake. Ijumaa mafundi wakaja wakang'oa mpini wa pampu, ili ufa uzibwe na kisima kisafishwe, kipimwe tena kabla mtu hajakinga.

Mama yake alinuna. Sasa ilimbidi kufuata maji kwenye bomba la mbali, na alimwambia binti yake waziwazi kwamba shule imemfundisha kufunga visima. Munezero akampokea jerikeni, akatangulia njiani bila kujitetea.

Juma lililofuata walikwenda kukagua kisima kingine, upande wa Rugaaga. Munezero alipofungua gari kupakia sanduku lake, ambamo sasa shahidi alikuwa ameandikwa kwa herufi kubwa SI YA KUNYWA, alikuta jerikeni kubwa imesimama pembeni, imeoshwa, imejaa maji yaliyochemshwa. Mke wa Ashiraf alikuwa ameyachemsha tangu jana. Ubavuni, kwa mwandiko uliopinda, dereva alikuwa ameandika: YA WATU.