Upande wa Bibi

Asubuhi ile Athanasie alikuwa Kituku, mwaloni wa Goma, anachota maji ya ziwa na bidoni mbili za njano, wakati alisikia Bibi anakohoa nyuma yake. Aligeuka. Hakukuwa mutu, ni mitumbwi tu na wanawake wa samaki wanagombana. Bibi Mukamazimpaka, mama ya baba yake, alikuwa amekufa tangu miezi mitano, lakini kikohozi yake haikuwa imehama. Athanasie alikuwa anaisikia chumbani, njiani, hata kanisani, na hakuwa amemwambia mutu, juu kusema kulimushinda tangu utoto. Darasani alikuwa anajua majibu yote na hakuinua mukono hata siku moja.

Alipofika nyumbani, baba yake, Mwalimu Barthélemy, alikuwa amekwisha kuvaa koti. Alimwambia avae iniforme, aache masomo leo, watakwenda pamoja Katindo. Watu wa serikali walikuwa wanaandikisha raia pale kwenye masomo ya primaire, na siku ya posho, jumamosi, wanafunga. Mutoto mwenye mwandiko muzuri angemusaidia kujaza fishi, ile karatasi ya maulizo.

Kila mutu mtaani alijua ile fishi ni ya nini. Mwaka wa 89 pahali pengine watu walichagua wakubwa wao, lakini hapa Kivu ya Kaskazini kura ilikwama, juu hawakupatana nani ni raia na nani si raia. Kule Masisi wenye kusema kinyarwanda ni wengi. Wakipiga kura, viti vya wakubwa vitapata wenyewe wengine, na mashamba pia. Basi wakasema kwanza tujue watu. Mwenye kuandikwa atapiga kura, atashika kazi ya Leta, ya serikali, atakuwa na parsele yake, kiwanja chake, kwa maisha. Mwenye kukosa, hakuna aliyemwambia atakuwa nani.

Barthélemy hakuwa na wasiwasi. Alibeba kwapani sanduku ya bati ya biskwiti, na ndani mulikuwa kitabu kidogo cha baba yake, muzee Harelimana. Wabelgiji walikiandika mwaka wa 38, walipomutoa Rwanda na kumuleta Gishari, kule Masisi, kulima. Tarehe iko, muhuri iko, alama ya kidole iko. Mwaka wa 72 sheria ilisema: watu wa Rwanda na Burundi walioingia Kivu mbele ya mwaka wa 50 na wakabaki, ni Wazaïrwa. Barthélemy alionyesha kile kitabu, wakamupa karte ya uraia, akapata kazi ya ualimu. Tangu pale alikuwa anakifunga ndani ya kitambaa cha altare.

Kwenye foleni, jirani yao Laurent, Muhunde wa Sake, kabila ya wenyeji, ambaye alikuwa anacheza naye karata kila siku ya mungu kisha misa, alimutania.

"Mwalimu, na sanduku tena? Unaenda kuposa?"

"Naenda kuposa Zaïre," Barthélemy akamujibu. "Mahari ni hii."

Watu wakacheka. Athanasie hakucheka. Juma iliyopita profesa wa sivike, somo la uraia, alikuwa amewaandikisha sheria mupya, ile ya mwaka wa 81, na aliishika kichwani neno kwa neno. Hiyo ilifuta ile ya 72, ikafuta na karte zilizotoka ndani yake. Sasa mwaka wa 50 haukuwa na kazi tena. Raia ni mutu ambaye mumoja wa wazazi wake wa zamani alikuwa wa kabila iliyokaa ndani ya mipaka ya inchi siku ya kwanza ya mwezi wa nane, mwaka wa 1885. Kuzaliwa hapa hakutoshi. Kukaa hapa miaka mia hakutoshi. Lakini sheria ilisema mumoja wa wazazi. Haikusema wa upande wa baba.

Na Bibi alikuwa mutu wa Jomba, kule Rutshuru. Watu wake walikuwa wanalima pale mbele ya muzungu kuchora mupaka. Alikuwa anahesabu majina yao akimenya maharagi: baba yake, baba ya baba yake, mupaka yule aliyepigwa pembe na nyati. Athanasie aliyajua yote.

Ndani ya darasa, nyuma ya meza ya kufundishia, alikaa karani moja kutoka Bukavu, Namegabe, mutu mupole mwenye macho mekundu ya vumbi. Kando yake wazee wawili wa mtaa, mashahidi. Aliuliza baba, babu, baba ya babu, na kila mumoja alizikwa wapi. Barthélemy akasimama wima, akataja ukoo wa baba yake kama inavyotajwa kwao, bila kusita, mupaka mutu wa saba. Athanasie akaandika. Makaburi yote yalikuwa Rwanda. Halafu akafungua sanduku, akaweka kitabu juu ya meza kwa mikono mbili.

Namegabe alikisoma polepole. Akamuonyesha muzee mumoja, yule akainama.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "hii inasema babu ya huyu mutoto aliingia mwaka wa 38. Miye natafuta mutu wa 1885. Hakuna mwingine? Hata upande wa mama yako?"

Nyuma ya Athanasie, karibu kabisa na shingo, Bibi akakohoa.

"Miye ni mutoto ya Harelimana," Barthélemy akasema. "Kwetu mwanaume hahesabiwi kwa wajomba. Nipite mulango wa wanawake kama mwizi?"

Laurent, pale mulangoni, akaangalia viatu vyake. Karani akageukia musichana.

"Na weye? Baba yako amesema yote?"

Majina yalikuwa yote mudomoni mwake. Lakini kumukatia baba neno mbele ya wazee, na kumuweka chini ya ukoo wa mwanamuke, mutoto gani anafanya vile? Aliangalia bic mukononi.

"Ndiyo, papa," akamujibu karani.

Namegabe akaandika juu ya fishi neno moja la kifaransa, *transplanté*, mutu wa kuhamishwa kutoka inchi ingine, akaipeleka kwenye rundo la kushoto, la wenye kukosa. Kitabu akakifunga ndani ya fishi kwa pini. Barthélemy alipokiomba, alijibiwa ni ushahidi, kinabaki.

Jioni ile Laurent hakuja kwa karata. Athanasie alimukuta baba yake amekaa na sanduku tupu juu ya magoti, na pale ndipo alisema yote: mumoja wa wazazi, Jomba, nyati. Barthélemy akafunika sanduku.

"Karani alikuuliza," akasema. Kisha, bila kumuangalia: "Mujomba Nzabonimpa, kaka ya Bibi, bado muzima kule Jomba. Yeye na shefu wa lokalite, mukubwa wa kijiji, wakitoa atestasio, karatasi ya ushahidi, mbele ya siku ya posho, wataweza kurudilia fishi."

Kesho yake Athanasie alikwenda paroasi, kwa mapadri, peke yake. Mama Séraphine wa foni, ile redio ya kuongea na misioni za mbali, alimuonya: kule Jomba, tangu vita ya Rwanda ilianza pale mupakani, watu wanaogopa, mwenye kusema huyu ni wetu anaulizwa na yeye ni wa nani. Lakini akashika mikro, akasoma karatasi ya Athanasie pole pole, mara mbili:

"Jomba, Jomba, hapa Goma. Kwa Nzabonimpa. Mutoto wa dada yako Mukamazimpaka anaomba ushahidi kama dada yako ni wa kwenu, na wazazi wake wamezikwa Jomba. Mbele ya siku ya posho. Jibu."

Mashine ikavuma. Sauti moja ikasema wameshika, watamupelekea.

Siku ya ine alirudi, na siku ya tano, akakaa juu ya benchi kutoka saa mbili mupaka saa sita. Siku ya posho Mama Séraphine aliita Jomba mara tatu mbele yake. Kulikuwa kuvuma tu. Kule Katindo watu wa serikali walikuwa wanapakiza meza ndani ya kamyo.