Salamu Iliyofika Kabla ya Chai

Shangazi alikuwa amefanya kazi ya ukatibu muhtasi kwa mawakili mpaka akastaafu, na kwake usaili ulikuwa usaili tu, uwe wa jaji au wa mpiga deki. Alimvalisha mtoto wa kaka yake tangu alfajiri kama anayekwenda kuposwa: sketi nyembamba, blauzi nyeupe yenye mikono mipana, skafu ya hariri shingoni, bangili mbili, viatu vya kisigino.

"Shangazi, mimi natafuta kazi ya useremala."

"Na mlango wa kuingilia ni wa ofisi. Fika mapema, kaa wima, usikae mpaka uambiwe kaa. Ukimwona mkubwa, wahi kumwamkia wewe. Toa sauti! Kazi haimwendei mtu anayenong'ona."

Msichana akacheka. Chuoni wenzake walimwita Randa, kwa jinsi alivyolainisha mbao mpaka nzi akateleza. Kiwanda kile cha samani ndicho pekee kilichoita watu msimu ule, tena kilitaka mtu mmoja tu wa mashine. Akikosa, ingebidi arudi kwenye kibanda cha kuuza vocha, na mikono yake ilishaanza kusahau mti.

Mbele ya kiwanda palikuwa na ofisi yenye vioo na zulia. Alifika mapema, akazima simu, akakaa pale mapokezi alipoonyeshwa. Alipoitwa alibisha hodi, akasimama mpaka mama mmoja, mkuu wa ofisi ile, akamwonyesha kiti. Maswali aliyajibu bila kumkatiza mtu. Mama wa ofisi alifunga faili huku anatabasamu.

"Kwa upande wangu umepita. Ila mwenye neno la mwisho ni fundi mkuu, kule karakana. Saa ya chai mashine zikizimwa nitakupeleka mwenyewe, nikupatie na ovaroli. Nisubiri hapa."

Mama akatoka na mafaili yake. Randa akabaki na zulia na saa ya ukutani. Mshale haukutaka kusogea. Sauti ya shangazi ikamjia: wahi wewe. Akawaza, nikikutwa nimekaa wataniona mzembe. Nikienda mwenyewe wataniona mchangamfu. Akainuka. Viatu vikalia ko, ko, ko kwenye ukumbi, akasukuma mlango wa nyuma.

Harufu ya mti mbichi ikampokea kama ndugu. Vumbi lilielea kwenye mwanga wa madirisha ya juu, mashine zinanguruma kila upande. Katikati, kwenye meza ya msumeno wa mviringo, mzee mmoja mpana wa mabega alikuwa akipasua ubao mrefu, mgongo kwa mlango. Huyo ndiye fundi mkuu. Mjini kote mafundi walimwita Mzee Tisa, na Randa hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Sasa, huyu binti alifundishwa. Hata kwenye mtihani aliliandika: mtu aliye kwenye msumeno hasemeshwi, haguswi, haendewi kwa nyuma. Alilijua kama anavyolijua jina la mama yake. Lakini alikuwa amevaa nguo za shangazi, na ndani ya nguo za shangazi mlikuwa na akili ya shangazi. Akanyoosha shingo, akasogea mpaka karibu na kiwiko cha mzee, akatoa sauti kama alivyoagizwa.

"SHIKAMOO MZEE!"

Mzee akashtuka, mikono ikayumba. Ubao ukapinda, meno ya msumeno yakaudaka na kuurusha nyuma kama teke la punda. Ulipita kati ya mzee na binti, ukaenda kujigonga kwenye kabati lililokuwa likisubiri vanishi, mlango wa kabati ukapasuka. Mzee akapepesuka kuelekea mezani. Hapo mkono wa Randa ukakumbuka chuo kabla ya kichwa chake: kiganja kikapiga kitufe chekundu.

Moja baada ya nyingine, mashine nyingine zikazimwa. Karakana nzima ikageuka kumtazama. Randa hakusikia kitu isipokuwa mlio wa msumeno ukipungua taratibu.

Mzee akainua mikono yake usoni. Akakunja vidole, akakunjua, midomo ikichezacheza.

"Tisa," akasema. "Vyote vipo."

Ndipo Randa alipoona kidole cha shahada cha kulia hakipo, kimeishia kwenye fundo.

"Hiki," mzee akasema, akimwonyesha fundo lile, "kiliondoka kwa mtu aliyenijia nyuma kuniuliza hali. Mtu wa heshima zake kama wewe."

Seremala mmoja mwembamba akashindwa kujizuia. "Mgeni njoo mwenyeji apone, dada. Wewe umekuja mwenyeji akatwe!"

"Na hiyo kamba shingoni?" mzee akauliza. "Msumeno ungeishika hiyo kwanza, wewe ukafuata. Nani kakuleta huku kabla ya chai?"

"Nimekuja mwenyewe, mzee."

"Basi rudi mwenyewe. Usaili umekwisha."

Hata machozi hayakuja. Alitoka na viatu mkononi, soksi zimejaa vumbi la mbao, akampita mama wa ofisi aliyesimama mlangoni na ovaroli mkononi, mdomo wazi.

Nyumbani shangazi alisikiliza mpaka mwisho, chai ikapoa. Aliduwaa kuliko hata Randa.

"Salamu? Mtu kafukuzwa kwa salamu?"

"Nusura nimkatishe mkono, shangazi."

"Mungu wangu. Na mimi ndiye niliyekwambia utoe sauti." Akaishika ile skafu, akaitazama kana kwamba ni nyoka, akaitupa chini ya kiti.

Kesho yake Randa aliondoka bila kumwambia mtu. Alivaa ovaroli yake ya chuo, mikono imefungwa vifungo, viatu vizito, nywele ndani ya kofia. Hakwenda kuomba kazi, hiyo alishaizika. Alikwenda kuomba radhi, akamwomba mama wa ofisi ruhusa, mama akaguna na kumfungulia mlango.

Mzee Tisa alikuwa msumenoni. Randa akazunguka mbali, akasimama mbele yake nje ya mstari wa njano wa usalama uliochorwa sakafuni, mahali ambapo jicho la mzee lingemkuta lenyewe. Akanyamaza. Mzee alimwona, akaendelea. Alipasua ubao, akachukua mwingine, na mwingine, rundo likahamia upande wa pili. Seremala mwembamba akampita na kumkonyeza. Randa hakutikisika.

Mwishowe mzee akazima. Ngurumo ikakatika, mafundi wakamgeukia Randa: sasa atasema. Hakusema. Msumeno ulikuwa ungali unazunguka kimyakimya, na msumeno wa kimya hukata vilevile. Alisubiri mpaka akaweza kuona jino mojamoja.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba." Mzee akamkagua kuanzia viatu hadi kofia. "Jana alikuja nani hapa?"

Randa akashtukia ulimi wake umejibu wenyewe. "Jana alikuja shangazi, fundi. Leo nimekuja mimi. Nisamehe."

Seremala mwembamba akaangua kicheko. Mzee hakucheka. Alitazama kitufe chekundu kwa muda, akalitazama kabati lenye mlango uliopasuka.

"Jana nani alizima mashine? Shangazi, au wewe?"

"Mimi."

Mzee akavuta ubao mrefu kutoka kwenye rundo jipya, akauweka mezani, akagonga ncha ya pili kwa mkono wenye vidole vinne.

"Pokea huku. Usiuvute, upokee tu. Ukimaliza, mlango wa kabati lile unakusubiri wewe."