Kufuli Mbili za Kibanda cha Viatu

Marehemu mume wangu alikuwa fundi viatu. Tangu tumzike, mlango wa kibanda chake una kufuli mbili: moja yangu, moja ya wifi, dada yake. Tulikubaliana hivyo mbele ya ndugu, asiingie mmoja bila mwenzake. Yeye alidhani nitauza cherehani, mimi nilidhani ataondoka na nyundo. Tulidhaniana vizuri tu, kama mawifi.

Tulipatana tukutane pale Jumanne asubuhi, tutoe viatu vya watu tuwarudishie wenyewe. Jumanne hiyo nilikaa kitandani nikitazama chai ikiota utando. Sikulia, sikuumwa. Nilikuwepo tu, kama gunia lililoachwa stoo. Jioni nikapekua mkoba kutafuta miwani, vidole vikagusa ufunguo. Nikatoa simu chini ya mto: wifi alikuwa amepiga, amepiga, amechoka.

Uongo ulikuja wenyewe, umeshavaa kabisa: mguu umevimba. Lakini yule namjua, angekuja na mafuta ya kunichua. Nikaanza kuandika ujumbe, nikaufuta. Mtu uliyemsimamisha juani humtumii maneno mawili ya simu. Nikapiga.

"Wifi, leo tulipatana nami nikasahau. Si mguu, si simu, nilisahau. Umesimama pale na ufunguo usiofungua kitu kwa sababu yangu. Nisamehe."

Akanieleza bila kupaza sauti. Alipanda mabasi mawili. Mteja mmoja alifuata viatu vya harusi ya mwanawe, ikabidi wifi amrudishe mikono mitupu. Alikaa kwenye benchi la muuza magazeti mpaka akaona haya. Alijua nimeamua kumfungia nje ya vitu vya kaka yake.

Sikumkatiza. Ulimi uliniwasha nimwambie mimi ndiye mjane, nikakumbuka yeye alimjua marehemu akiwa bado anatambaa.

Nilimwambia mimi nina nafasi Alhamisi asubuhi au Jumamosi mchana, achague isiyomvurugia. Akachagua Alhamisi, saa tatu. Nikairudia tusije tukawa na Alhamisi mbili. Nikaomba namba ya yule mteja, nimtake radhi mwenyewe.

"Au nikuletee ufunguo wangu," nikasema, "ufungue bila kunisubiri."

"Nitafanya nini mle peke yangu?" akasema.

Alhamisi nilitangulia. Aliponikuta mlangoni akaniuliza, "Mgeni, umepotea njia?"

"Nimekuja kuiba nyundo."

Akacheka kwa pua. Nikafungua yangu, naye yake. Ndani gundi ilinukia na viatu vilikaa kimya mstarini. Nilisubiri kuhisi kitu, hakikuja. Wifi akanisogezea kigoda cha kaka yake, nikakaa, tukaanza kuoanisha kulia na kushoto, vya harusi kwanza.

Tulipotoka alifunga kufuli yangu tu. Yake aliitia mkobani.